Kipakatalishi kikikataa kuwaka, usikimbilie kwa fundi

MWALIMU wa shule moja ya upili mjini Kakamega alikuwa akijaza alama za wanafunzi wa madarasa manne jioni moja, radi ilipoanza kunguruma. Stima ilipotea, ikarudi, ikapotea tena, kisha ikarudi ikakaa. Akafunga kipakatalishi chake, akakiacha kwenye chaja na kwenda kulala.

Asubuhi alibonyeza kitufe cha kuwasha na hapakutokea lolote. Hakikuonyesha taa, wala hakikutoa sauti ya feni. Skrini ilibaki nyeusi kama ubao ambao haujaandikwa. Alama hizo zilikuwa ndani ya mashine hiyo pekee, na ripoti za muhula zilitakiwa siku sita baadaye.

Fundi wa karibu na kituo cha matatu aliigeuza mashine mara mbili, akabonyeza kitufe, kisha akatoa uamuzi: bodi kuu, ile mafundi huiita madabodi, imeungua. Gharama ilikuwa Sh15,000 na kazi ingechukua wiki moja. Hakuwa amefungua skrubu hata moja.

Huenda fundi huyo angekuwa amesema kweli, maana radi huunguza bodi. Hata hivyo, mashine isiyoonyesha dalili yoyote ya uhai inaweza kuwa na hitilafu katika mojawapo ya sehemu tano au sita zinazopitiwa na umeme kabla haujafika kwenye bodi. Nyingi kati ya hizo zinaweza kupimwa nyumbani bila kufungua chochote, mradi mtu afuate mkondo wa umeme kutoka ukutani hadi ndani, bila kuruka hatua.

Jambo la kwanza ni kuelewa maana ya kauli kwamba mashine “haiwaki”. Wengi hutumia neno hilo kwa matatizo mawili yasiyohusiana.

Tatizo la kwanza ni la mashine ambayo haina taa, haina feni wala joto. Hiyo haipati umeme, au inaupata lakini inakataa kuupokea. La pili ni la mashine ambayo taa yake inawaka, feni inazunguka, pengine hata kitufe cha herufi kubwa kinamweka, lakini skrini ni nyeusi. Hiyo imewaka. Inachokosa ni picha, au imekwama katika kujikagua kabla ya kuanza kazi.

Tofauti hii huamua hatua zote zinazofuata. Kumpimia chaja mgonjwa wa aina ya pili ni kupoteza wakati, na kumbadilishia skrini mgonjwa wa aina ya kwanza ni kupoteza pesa. Mashine ya mwalimu ilikuwa ya aina ya kwanza.

Mwalimu mwenzake, anayefundisha somo la tarakilishi, ndiye aliyemshawishi aichukue mashine hiyo kutoka kwa fundi kabla haijafunguliwa. Walipoketi katika chumba cha walimu alimwambia: “Mwalimu, hebu tuanze na soketi. Bodi tutaifikia, ikiwa itabidi.”

Kuanza na soketi huonekana kama mzaha, lakini soketi za ukutani nchini Kenya huwa na swichi, nayo mikebo ya nyongeza huwa na swichi yake. Mojawapo ikiwa imezimwa, au shaba ya ndani ikiwa imelegea, chaja haitapata kitu. Jaribio lake ni rahisi: chomeka chaja ya simu katika tundu lile lile, na kwa kebo ile ile ya nyongeza. Simu ikichaji, soketi haina kosa.

Baada ya soketi huja plagi. Plagi za miguu mitatu zinazotumika nchini huwa na fyuzi ndogo ndani yake, ambayo ni mrija mweupe wenye vifuniko vya chuma pande zote mbili. Stima inaporudi kwa kishindo, fyuzi hiyo inaweza kukatika huku chaja yenyewe ikiwa nzima kabisa. Hutolewa kwa kuchokolewa na bisibisi ndogo, plagi ikiwa nje ya soketi.

Fyuzi iliyokatika hurejeshwa kwa nyingine ya kiwango kile kile kilichoandikwa juu yake, ambacho kwa nyaya nyembamba za vipakatalishi mara nyingi ni ampea 3 au 5. Kuna watu huziba pengo hilo kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mashine itawaka, ndiyo, lakini siku ya hitilafu kubwa kitakachokatika si fyuzi tena bali ni waya, na waya huo hukatika kwa moto.

Waya unaotoka kwenye plagi hadi kwenye kisanduku cha chaja nao huweza kuchomoka. Mara nyingi umeingizwa nusu tu, kwa sababu kisanduku hicho hukaa chini ya meza kikipigwa na miguu. Uchomoe, uurudishe kwa nguvu kidogo. Kwa kuwa nyaya hizi hufanana, ni rahisi kuazima wa jirani na kuujaribu.

Visanduku vingi vina taa ndogo ya kijani, nyeupe au samawati. Taa hiyo hutoa habari nyingi kuliko watu wanavyodhani, na hapa ndipo uchunguzi wa mwalimu wa tarakilishi ulipoanza kuzaa matunda.

Kwanza chaja huchomekwa ukutani bila kuunganishwa na mashine. Taa isipowaka, kisanduku hakipati umeme au kimekufa. Ikiwaka, kichwa cha chaja huingizwa kwenye mashine huku jicho likiwa kwenye taa.

Kama taa inabaki inawaka, ni ishara nzuri. Kama inazima mara tu kichwa kinapoingia na kuwaka tena kinapotolewa, basi ndani ya mashine kuna mahali umeme unapita njia ya mkato, na chaja inajifunga ili isiungue. Mashine ya namna hiyo haina haja ya majaribio zaidi ya nyumbani. Kuichomeka tena na tena kunaweza kuunguza kipande kingine kilichokuwa kizima.

Taa ya chaja ya mwalimu iliwaka, na ikabaki inawaka baada ya kuunganishwa. Mlango wa njia ya mkato ukafungwa.

Hata hivyo, taa inayowaka haithibitishi kwamba umeme unaotoka ni sahihi. Kwa hilo hutumika mita, kile kifaa chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, ambacho kila fundi wa redio anacho. Maabara ya fizikia ya shule ilikuwa nacho pia.

Kabla ya kupima, husomwa kibandiko kilicho chini ya kisanduku. Palipoandikwa OUTPUT ndipo penye kiasi kinachotoka. Chaja ya mwalimu ilikuwa na maandishi 19.5V na 3.33A, yaani volti 19.5 na ampea 3.33. Ukizidisha tarakimu hizo mbili unapata wati 65, ambao ni uwezo wa kawaida wa chaja za mashine za kazi za ofisini.

Mita huwekwa upande wa volti za betri, si volti za ukutani, katika kiwango kinachozidi 20. Ncha nyeusi hugusa chuma cha nje cha kichwa cha chaja, na ncha nyekundu huingizwa kwa ndani. Mkono usitetemeke, kwa sababu ncha mbili zikigusana chaja itajizima yenyewe na mpimaji atadhani imekufa. Ikijizima hivyo, ichomolewe ukutani kwa dakika chache kisha irudishwe.

Mita ya shule ilionyesha 19.4. Tofauti ndogo kama hiyo haina neno. Kungesomeka sufuri, au tarakimu ingepanda na kushuka mtu anapotikisa waya karibu na kichwa, basi tatizo lingekuwa chaja na safari ingeishia hapo. Waya hukatika zaidi mahali hapo pa kupindia, ukiwa bado umefunikwa na mpira usioonyesha jeraha.

Yapo mambo mawili ambayo mita haiwezi kuyaona. La kwanza ni kwamba chaja dhaifu inaweza kuonyesha volti kamili ikiwa haina mzigo, kisha ikaanguka inapoombwa kazi halisi. Ndiyo maana kipimo bora bado ni kuazima chaja nyingine ya mashine kama hiyo, inayojulikana kuwa nzima.

La pili linahusu sindano nyembamba iliyo katikati ya kichwa cha chaja za HP na Dell. Sindano hiyo haibebi umeme wa kuendesha mashine. Hubeba utambulisho, yaani huiambia mashine chaja hii ni ya wati ngapi. Ikipinda au ikivunjika, volti zitasomeka sawa, lakini mashine inaweza kukataa kuchaji betri, au ikafanya kazi kwa mwendo wa kobe. Basi kabla ya kulaumu kingine chochote, itazamwe kwa mwanga mzuri kama imesimama wima katikati.

Kwa mashine za kisasa zinazotumia kichwa kidogo cha mviringo cha taipu C, kipimo cha mita hakifai. Chaja hizo hazitoi volti 20 hadi zitakapokuwa zimezungumza na mashine na kukubaliana. Zikipimwa zikiwa tupu zinaweza kuonyesha volti 5, au zisionyeshe kitu.

Aidha, aina hii imeleta mtego mpya. Kwa kuwa kichwa ni kile kile cha simu, mtu huchomeka chaja ya simu kwenye kipakatalishi kilichokauka betri, akangoja, kisha akatangaza kwamba kimekufa. Chaja ya simu ya wati 18 haiwezi kuamsha mashine inayodai wati 45 au 65. Mashine hizo pia zinaweza kuwa na matundu mawili au matatu ya taipu C yanayofanana, huku moja tu ndilo linalopokea umeme. Alama ya radi au ya plagi kando ya tundu ndiyo huonyesha lipi.

Hadi hapo umeme ulikuwa umefuatiliwa kutoka ukutani hadi kwenye mlango wa mashine. Lakini taa ya mashine yenyewe, ile iliyo kando ya tundu la chaja, haikuwaka. Umeme ulikuwa mlangoni, na ndani palikuwa kimya.

Kimya hicho kinaweza kutokana na betri. Betri ya lithiamu iliyokauka kabisa, kwa mfano katika mashine iliyofungiwa kabatini likizo nzima, haipokei umeme kwa kasi mara moja. Mashine huilisha kidogo kidogo kwanza ili isiumie, na katika muda huo baadhi ya mashine hazionyeshi taa yoyote. Ushauri ni kuiacha kwenye chaja sahihi kwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kujaribu tena, bila kubonyezabonyeza kitufe kila dakika.

Betri iliyovimba ni jambo jingine. Iwapo mashine inayumba mezani ilhali zamani ilikaa sawa, kibodi imeinuka katikati au sehemu ya kugusa kwa kidole haibonyezeki tena, chaja ichomolewe mara moja. Betri hiyo haitobolewi, haikandamizwi na haichajiwi. Kazi hiyo ni ya fundi, na hatua zilizobaki katika makala haya haziihusu mashine hiyo, sawa na ile iliyomwagikiwa chai usiku uliotangulia.

Mashine ya mwalimu haikuwa imekauka wala kuvimba. Ilikuwa imekaa kwenye chaja usiku kucha, na hapo ndipo dhana ya mwenzake ilipoanzia.

Kipakatalishi kilichozimwa hakilali usingizi kamili. Ndani yake kuna kidhibiti kidogo kinachobaki macho saa zote, kikiishi kwa tone la umeme wa betri au wa chaja. Kidhibiti hicho ndicho kinachosikiliza kitufe cha kuwasha, kinachoamua kama betri ichajiwe, kinachoendesha feni na kuwasha zile taa ndogo. Mtu anapobonyeza kitufe haiwashi mashine moja kwa moja. Anakiomba kidhibiti kiiwashe.

Umeme unapokatika na kurudi mara kadhaa kwa sekunde chache, kidhibiti kinaweza kuduwaa. Huenda kikaamini kwamba kuna hatari ambayo imekwisha kupita, kikaendelea kuifunga milango. Kwa vile betri inaendelea kukilisha, kinabaki katika hali hiyo ya kuduwaa siku nenda siku rudi. Kuchomoa chaja pekee hakukisaidii, kwa sababu betri bado ipo. Hata betri ikitolewa, kuna vihifadhi vidogo vya umeme kwenye bodi vinavyobaki na chaji kwa muda.

Dawa yake ni kukinyima kidhibiti kila tone, ili kizimike kikweli na kianze upya. Hicho ndicho mafundi wanachokiita kuriseti mashine kwa nguvu.

Jina hilo huwatisha watu bure. Kuriseti huku hakufuti faili, picha wala programu, kwa kuwa diski haiguswi. Kunachanganywa na kuirudisha mashine katika hali ya kiwandani, ambayo ni shughuli tofauti kabisa na hufanywa mashine ikiwa imewaka. Mwalimu aliuliza swali hilo mara tatu kabla ya kukubali, na alikuwa na haki.

Chaja huchomolewa kwenye mashine. Huchomolewa pia kila kitu kingine: flashi, kipanya, kadi ya kamera, waya wa projekta, kebo ya mtandao. Flashi mbovu peke yake inaweza kuzuia mashine kuwaka, na wakati mwingine tiba yote huishia hapo.

Kisha mashine hupinduliwa. Kama betri ina vibano vya kuteleza, hutelezeshwa na betri ikatolewa. Mashine nyingi zilizoagizwa zikiwa zimetumika ng’ambo, ambazo hupatikana kwa wingi katika maduka ya Nairobi, bado zina betri za namna hiyo, na ya mwalimu ilikuwa mojawapo.

Mashine ikiwa haina chaja wala betri, kitufe cha kuwasha hubonyezwa na kushikiliwa. Si kuguswa, bali kushikiliwa bila kuachiliwa. Watengenezaji wengine husema sekunde 15, wengine 30, na anayeshikilia kwa 30 hapotezi kitu. Kitendo hicho huiomba mashine iwake ilhali haina chakula, nayo hunyonya ile chaji iliyobaki katika vile vihifadhi hadi ikaisha.

Wanaoshindwa katika hatua hii kwa kawaida wamefanya kosa moja kati ya mawili. Ama wameacha chaja ikiwa imechomekwa, hivyo kidhibiti kinaendelea kula, ama wamehesabu haraka na kuachilia baada ya sekunde tano. Afadhali kutazama saa.

Baada ya hapo betri hairudishwi kwanza. Huchomekwa chaja peke yake, kitufe hubonyezwa mara moja kwa kawaida, kisha mtu hungoja. Sababu ya kuiacha betri nje ni kwamba nayo inaweza kuwa ndiyo yenye kosa. Mashine ikiwaka bila betri na kukataa ikiwa nayo, mkosaji amepatikana.

Kwa mashine nyembamba za miaka ya karibuni, ambazo betri yake imefungiwa ndani kwa skrubu, hatua ni zile zile isipokuwa betri hubaki mahali pake. Chaja na vifaa vyote hutolewa, kitufe hushikiliwa kwa sekunde 30, kisha chaja hurudishwa. Katika mashine nyingi, kushikilia huko kwa muda mrefu ni amri yenyewe kwa kidhibiti kwamba kijizime na kuanza upya. Ikishindikana, fundi anaweza kufungua mfuniko na kuchomoa waya wa betri kutoka kwenye bodi, jambo la dakika kumi tu.

Mashine za ThinkPad, zinazotengenezwa na Lenovo, nyingi zina njia nyingine. Chini yake kuna tundu dogo la kuriseti, upana wa sindano. Chaja ikiwa imetolewa, kibanio cha karatasi kilichonyooshwa huingizwa humo kwa upole hadi kitu kibonyee. Husubiriwa dakika moja, kisha chaja hurudishwa.

Lakini si kila tundu dogo ni la kuriseti. Katika mashine nyingine za Lenovo tundu lililo ubavuni hufungua menyu ya kurekebisha mfumo, na halina msaada kwa mashine isiyo na umeme. Vilevile yapo matundu ya kipaza sauti, hasa karibu na kamera, na anayeyachoma kwa waya atajiongezea gharama. Kijitabu cha mashine husika ndicho cha kuaminiwa.

Katika chumba cha walimu, mwalimu wa tarakilishi alishikilia kitufe huku mwenye mashine akihesabu kwa sauti hadi 30. Chaja ikarudishwa. Kwa mara ya kwanza tangu usiku wa radi, taa ndogo kando ya tundu ilimulika nyeupe.

Alipobonyeza kitufe, feni ilivuma. Skrini ilibaki nyeusi, na kwa karibu dakika moja hapakuwa na lililobadilika. Wengi huzima mashine katika hatua hiyo kwa hofu, na ni kosa, kwa sababu baada ya kunyimwa umeme wote mashine inaweza kuchukua muda kujikagua upya. Huachwa dakika mbili au tatu kabla ya kukata tamaa.

Nembo ya kampuni ilijitokeza, ikafuatwa na ujumbe kwamba saa na tarehe si sahihi. Hiyo si hitilafu mpya. Saa hiyo huendeshwa na betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi, na katika mashine kuukuu betri hiyo huwa imechoka.

Wapo watakaokutana na ujumbe mwingine, wa rangi ya samawati, unaodai ufunguo wa tarakimu 48. Huo ni ulinzi wa Windows unaoitwa BitLocker, ambao wakati mwingine hushtuka mipangilio ya bodi inapobadilika. Ufunguo huo kwa kawaida huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, na hutafutwa kwa simu katika anwani aka.ms/myrecoverykey. Usibuniwe, na mtu asikubali diski isafishwe kabla ya kuutafuta.

Je, kama taa zingewaka, feni ikazunguka, na baada ya dakika tatu skrini ibaki nyeusi? Hapo mgonjwa angekuwa amehamia katika kundi la pili, na maswali yangebadilika.

La kwanza ni kama picha ipo lakini haionekani. Chumba hutiwa giza, na tochi ya simu humulikwa kwenye skrini kwa pembe. Maandishi hafifu yakionekana, mashine ni nzima na kilichokufa ni mwanga wa nyuma ya skrini. Kuunganisha televisheni au projekta huthibitisha: picha ikitokea huko, ni skrini au waya wake.

La pili ni kumweka kwa taa. Mashine inayoshindwa kujikagua hutoa taarifa kwa kuhesabu. Kwa mfano, mashine nyingi za Dell zikimweka mara mbili kwa rangi ya kaharabu kisha mara tatu kwa nyeupe humaanisha kwamba hazioni kadi ya kumbukumbu, ile inayojulikana kama ramu. Kila mtengenezaji ana hesabu yake, hivyo mmweko huandikwa kwenye karatasi na kulinganishwa na kijitabu cha mashine hiyo hiyo.

Kadi ya kumbukumbu iliyolegea au iliyoota kutu kwenye meno yake ni chanzo cha kawaida cha skrini nyeusi. Hutolewa, meno yake husuguliwa taratibu kwa kifutio cha penseli, vumbi likapulizwa, ikarudishwa hadi vibano viitikie. Kama zipo mbili, hujaribiwa moja moja. Chaja huwa imetolewa na betri imetenganishwa wakati wote wa kazi hiyo.

Ikiwa haya yote yamefanyika na mashine bado ni mfu, ndipo neno bodi linapostahili kutajwa. Hata hapo mwenye mashine haendi mikono mitupu. Anamweleza fundi kwamba chaja inatoa volti 19.4, kwamba taa yake haizimi ikiunganishwa, na kwamba mashine imeriseti bila betri na haikuitika. Maneno hayo matatu humwondolea fundi mwaminifu nusu saa ya kazi, na yule mwingine humnyima nafasi ya kuuza chaja isiyohitajika.

Na kama kinachohitajika zaidi ni faili kuliko mashine, fundi aambiwe hivyo kabla hajaanza. Katika mashine nyingi diski hutolewa kwa skrubu chache, ikawekwa kwenye kisanduku chenye waya na kusomwa na tarakilishi nyingine, bodi ikiwa imekufa au la. Zipo mashine nyembamba ambazo diski yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, nazo hazina njia hiyo.

Mwalimu hakusubiri kurekebisha saa. Alichomeka flashi, akanakili faili ya alama, akaifungua katika tarakilishi ya ofisi kuhakikisha madarasa yote manne yamo. Betri waliirudisha baadaye, mashine ikiwa imezimwa na chaja imetolewa, kisha wakaiwasha tena mara mbili.

Jioni ile mawingu yalipoanza kutanda upande wa msitu, alichomoa plagi ukutani kabla ya tone la kwanza.